Umeagiza alizeti, umeletewa mafuta mengine: jinsi ya kudai fedha yako

Siku hizi mtu wa Makanyagio au Nsemulwa hahitaji kwenda mwenyewe sokoni Buzogwe kununua chakula cha wiki. Anafungua WhatsApp, anaangalia bidhaa ambazo mwenye duka ameweka kwenye stetasi, anaandika oda, analipa kwa simu, na baada ya saa moja bodaboda anapiga honi getini. Hapa Mpanda hatuna zile programu kubwa za kuagiza vyakula ambazo wenzetu wa miji mikubwa wanazo. Duka la mtandaoni kwetu ni namba ya simu, picha na uaminifu.

Shida inaanza pale mfuko unapofunguliwa. Mchele upo, lakini mafuta siyo yale. Maharage ya njano yamekuwa mekundu. Ukimpigia muuzaji anajibu kwa utulivu kabisa: "Yale yaliisha, nikakuwekea haya, ni mazuri tu." Hela ameshapokea, bodaboda ameshaondoka, na wewe umebaki na mzigo ambao hukuuagiza. Je, ni lazima uupokee? Na ukitaka hela yako irudi, unadai kiasi gani, kwa nani na kwa maneno gani? Hayo ndiyo tunayoyaeleza hapa.

Tuanze na kwa nini jambo hili linatokea, maana si kila muuzaji anayebadilisha bidhaa ni tapeli. Katika maduka mengi, anayejibu ujumbe siye anayefungasha mzigo. Mwenye duka yuko nyumbani na simu, kijana yuko dukani na mizani. Picha ya stetasi iliwekwa asubuhi, na kufikia saa nane mchana ndoo ya mwisho ya alizeti imeshachukuliwa na mteja aliyekuja kwa miguu. Bidhaa nyingi za viwandani zinafika Mpanda kwa lori kutoka mbali, hivyo kitu kikiisha hakijazwi siku hiyo hiyo. Kijana anaona bodaboda anasubiri, anachukua kinachofanana, anafunga mfuko. Kwake amemsaidia mteja. Wapo pia wateja ambao kweli wanafurahi kuletewa mbadala kuliko kukosa kabisa. Kosa halipo kwenye kuwa na mbadala. Kosa lipo kwenye kutouliza.

Wapo vilevile wanaofanya hivyo kwa makusudi. Wanaweka bei ya bidhaa nzuri, wanafungasha ya bei ya chini, na tofauti inabaki mfukoni. Dalili yake ni moja na ni rahisi kuiona: mbadala unaoletewa kila mara ni wa bei ndogo kuliko ulichoagiza, na chenji hairudi hata siku moja.

Sasa tuchukue oda moja ya mfano, ya aina ambayo wengi wenu mtaitambua. Bei zake ni za mfano pia, msitufuate nazo sokoni. Mama mmoja anaagiza vitu vinne: mchele kilo 10 kwa shilingi 26,000, mafuta ya alizeti lita 5 kwa shilingi 34,000, maharage ya njano kilo 4 kwa shilingi 12,800, na unga wa lishe kilo 2 kwa shilingi 8,200. Kwenye unga ameandika wazi: "usiwe na karanga." Nauli ya bodaboda ni shilingi 2,000. Jumla ni shilingi 83,000, na anailipa yote kwa Lipa Namba ya duka kabla mzigo haujatoka.

Saa nne na dakika kumi muuzaji anaandika: "Alizeti imeisha, nakuwekea haya ya kawaida." Mama yuko kisimani, simu ipo ndani. Saa nne na robo bodaboda anaondoka dukani. Anapofika, mtoto mkubwa anapokea mfuko. Mama anaporudi anakuta mchele sawa, dumu la mafuta ya mawese yaliyosafishwa ambayo dukani yanauzwa shilingi 28,000, maharage mekundu ambayo ni shilingi 2,700 kwa kilo, na unga wa lishe wa shilingi 7,000 ambao kwenye mfuko umeandikwa viambato vyake, karanga ikiwemo. Kumbe binti ameshabandika kilo moja ya maharage jikoni.

Swali la kwanza ni lile la ujumbe wa saa nne na dakika kumi. Muuzaji atasema, "Nilikujulisha, hukukataa." Hapo sheria iko upande wa mama. Sheria ya Mikataba ya Tanzania inataka aliyepewa pendekezo alikubali kama lilivyo, bila kulibadilisha. Mama alipoagiza na kulipa, na muuzaji akapokea hela, makubaliano yalikuwa ni alizeti. Kuleta mafuta mengine ni pendekezo jipya, na pendekezo jipya linahitaji jibu jipya. Kunyamaza si kukubali, hasa kunyamaza kwa dakika tano. Alama mbili za bluu kwenye WhatsApp zinaonyesha kwamba ujumbe umefunguliwa, lakini hazionyeshi kwamba aliyeufungua ameridhika.

Swali la pili ni mzigo wenyewe. Kwa hili tuna sheria ya zamani, Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, ambayo watu wachache wanaifahamu ingawa inagusa kila kilo ya sukari inayouzwa nchini. Inasema kwamba bidhaa iliyouzwa kwa maelezo lazima ilingane na maelezo hayo. Na inaeleza hasa hali kama ya mama huyu: muuzaji akileta bidhaa ulizoagiza zikiwa zimechanganywa na bidhaa nyingine ambazo hukuagiza, una uamuzi wa kupokea zile zinazolingana na oda na kukataa nyingine, au kukataa mzigo wote. Muuzaji hawezi kukwambia "chukua vyote au rudisha vyote." Uamuzi huo ni wa mnunuzi.

Ila kuna mpaka, na hapa ndipo wengi wanapopoteza haki yao bila kujua. Sheria hiyo hiyo inahesabu kwamba umepokea bidhaa ukimwambia muuzaji umeipokea, au ukiitumia kama mali yako, au ukikaa nayo kwa muda unaozidi ule wa kawaida bila kusema kwamba umeikataa. Mtoto kupokea mfuko mlangoni hakutoshi. Mnunuzi anapewa kwanza nafasi ya kukagua. Lakini maharage yaliyoko jikoni yana hadithi nyingine. Ukishachovya kijiko kwenye kopo huwezi kusema hulitaki. Kwa hiyo mama hawezi tena kudai shilingi 12,800 zote za maharage. Anachoweza kudai ni tofauti ya bei: kilo 4 kwa 2,700 ni shilingi 10,800, na yeye alilipa 12,800, hivyo tofauti ni shilingi 2,000.

Muda wa kawaida ni upi? Sheria haijataja saa, na kwa chakula busara inakwenda na aina ya kitu. Nyanya, samaki wabichi na maziwa unakagua na kulalamika hapo hapo bodaboda akiwa bado mlangoni. Mafuta yaliyofungwa na unga ulioshonwa, siku hiyo hiyo. Ukilalamika baada ya wiki mbili kuhusu dumu lililokaa jikoni, hata mwenyekiti wa mtaa atakuuliza ulikuwa wapi.

Unga wa lishe tunauweka peke yake kwa sababu hapo si suala la hela tu. Wapo watoto ambao karanga kidogo inawafanya wavimbe midomo, wapate vipele au washindwe kupumua. Mama aliyeandika "usiwe na karanga" hakuwa anachagua ladha. Vivyo hivyo maziwa ya kopo ya mtoto mchanga hayabadilishwi na maziwa ya unga ya kawaida ya chai, kwani maziwa ya kawaida hayafai kuwa mlo mkuu wa mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja. Na mgonjwa wa kisukari aliyeagiza kitu kisicho na sukari asiletewe chenye sukari kwa hoja kwamba "kampuni ni ile ile." Kwa vitu vya namna hii usikae kubishana juu ya tofauti ya bei. Kataa kitu chenyewe, kiweke pembeni mbali na jiko ili mwingine nyumbani asikitumie kwa bahati mbaya, na umweleze muuzaji sababu. Muuzaji muungwana akijua sababu hatarudia.

Sasa mama anadai kiasi gani? Mafuta anayakataa, hivyo anarudishiwa shilingi 34,000 alizolipa, siyo 28,000 za dumu lililoletwa. Wauzaji wengine hujaribu kurudisha thamani ya kilichorudishwa badala ya kilicholipwa, na shilingi 6,000 zinapotea hapo katikati. Unga anaukataa, anarudishiwa 8,200. Maharage amebaki nayo, anadai tofauti ya 2,000. Jumla ni shilingi 44,200. Ukitaka kuhakikisha, pitia njia ya pili: alichobaki nacho ni mchele wa 26,000, maharage ya 10,800 na nauli 2,000, jumla 38,800. Toa hiyo kwenye 83,000, unapata 44,200 ile ile. Nauli ya kuleta hatuirudishi kwa sababu mchele ulifika kama ulivyoagizwa. Ingekuwa mzigo wote umekosewa na umekataliwa wote, nauli nayo ingedaiwa.

Na nauli ya kurudisha mafuta dukani? Watu wengi wanajilipia wenyewe kwa aibu. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa inasema mnunuzi aliyekataa bidhaa kwa haki halazimiki kuirudisha. Inatosha amjulishe muuzaji kwamba ameikataa. Muuzaji ndiye atume mtu wa kuichukua. Wewe wajibu wako ni kuitunza isiharibike, isifunguliwe, hadi ichukuliwe.

Kabla ya kuandika ujumbe wa madai, piga picha. Picha ya kwanza ni vitu vyote vikiwa pamoja na mfuko. Ya pili ni maandishi ya kila kilichobadilishwa: jina, ujazo, viambato, tarehe ya mwisho ya matumizi. Kisha hifadhi skrinishoti ya oda yako, ya majibu ya muuzaji, na ya ujumbe wa malipo wenye namba ya muamala. Fanya hivyo mapema, kwa sababu ujumbe wa WhatsApp unaweza kufutwa na aliyeutuma, na stetasi hupotea baada ya saa 24. Hii ndiyo sababu tunashauri bei ya stetasi uipige skrinishoti siku unayoagiza. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, makubaliano hayawezi kukataliwa kwa sababu tu yalifanywa kwa njia ya simu au mtandao, na kumbukumbu za kielektroniki zinaweza kupokelewa kama ushahidi. Ujumbe wako una uzito kama karatasi, mradi upo.

Sasa andika. Piga simu ukipenda, lakini baada ya simu andika, ili maneno yabaki. Ujumbe wa mama ungekuwa hivi: "Habari za mchana kaka. Nimepokea mzigo wa leo, namba ya muamala ni hii hapa. Niliagiza alizeti lita 5, nimeletewa mafuta ya mawese. Niliagiza unga wa lishe usio na karanga, ulioletwa una karanga. Hivi viwili sijavikubali, sijavifungua, naomba utume mtu avichukue. Maharage mekundu nabaki nayo, naomba tofauti ya bei. Naomba unirudishie 34,000 ya mafuta, 8,200 ya unga na 2,000 ya maharage, jumla 44,200, kwenye namba hii hii, leo kabla ya saa kumi na mbili jioni. Picha nimeambatanisha. Asante."

Angalia ujumbe huo una nini. Hauna tusi wala tishio la polisi. Umetaja kilichoagizwa, kilicholetwa, uamuzi juu ya kila kimoja, kiasi na muda. Muuzaji akisoma anajua afanye nini, na mtu wa tatu akisoma anaelewa kisa chote bila kuuliza.

Muuzaji anaweza kujibu, "Hela sirudishi, nitakupa alizeti ikija Jumamosi." Ukiona inafaa, kubali; kwa mtu unayenunua kwake kila wiki mara nyingi ndiyo njia nyepesi. Lakini ni ombi lake, siyo haki yake. Hata tangazo lililobandikwa ukutani kwamba "mali ikishauzwa hairudishwi" halimsaidii hapa. Tangazo hilo linamhusu mteja aliyebadili mawazo baada ya kupewa alichokitaka. Mteja aliyepewa kitu tofauti hajabadili mawazo.

Wengi hutuuliza kuhusu kampuni za simu: kwa nini usipige huduma kwa wateja wakarudisha muamala? Huduma ya kurudisha muamala kwenye M-Pesa, Airtel Money, Mixx by Yas au Halopesa imewekwa kwa ajili ya aliyekosea namba. Wewe hukukosea, ulituma kwa mtu uliyemkusudia, kwa kiasi ulichokusudia. Ugomvi wa mafuta kampuni ya simu haiuamui. Na kumdanganya mhudumu kwamba ulikosea namba kutakugeuza wewe kuwa mwenye kosa, hasa muuzaji akionyesha ujumbe wa oda yako. Kinachosaidia kwenye malipo ni kile kinachotokea kabla: ukilipa kwa Lipa Namba, jina la biashara linaonekana kabla hujaweka namba ya siri, na baadaye unajua unamdai nani. Ukituma kwenye namba binafsi yenye jina ambalo hulijui, umeanza vibaya. Dai risiti pia, ni haki yako na ndiyo inayotaja duka.

Muuzaji akikaa kimya kabisa, nenda dukani kwanza, ukiwa na simu yenye picha. Kesi nyingi zinaishia kaunta. Ikishindikana, duka likiwa sokoni kuna uongozi wa soko, na mtaani kuna ofisi ya serikali ya mtaa. Hawa hawatoi hukumu ila wanasuluhisha, na mfanyabiashara hapendi kuitwa pale mara mbili. Ofisi ya biashara ya Manispaa ya Mpanda inashughulika na leseni, kwa hiyo neno lake linasikika kwa mwenye duka. Kama tatizo ni kilo pungufu, hilo ni la Wakala wa Vipimo. Tume ya Ushindani, iliyoundwa kwa Sheria ya Ushindani wa Haki ya mwaka 2003, inapokea malalamiko ya walaji kuhusu udanganyifu wa bidhaa, na ina maana zaidi pale duka linapofanya mchezo huo kwa wateja wengi. Ukitaka hela yako na si zaidi, Mahakama ya Mwanzo inasikiliza madai madogo ya mkataba. Kusema kweli, kwa shilingi 44,200, nauli na siku za kusubiri zinaweza kula faida yote, ndiyo maana tumetumia nafasi kubwa kueleza ujumbe wa kwanza kuliko mahakama.

Kwa ndugu zetu wa Inyonga, Majimoto au Karema wanaoagiza kutoka Mpanda mjini na kutumiwa mzigo kwa basi, ugumu unaongezeka. Bodaboda anaweza kusubiri ukague; basi halisubiri. Fungua mzigo pale pale kituoni, mbele ya wakala aliyekukabidhi, na piga picha kabla hujaubeba. Halafu kwenye oda yenyewe ongeza sentensi moja ambayo inaokoa ugomvi wote huu. Katika maduka makubwa ya mtandaoni Uingereza mteja huchagua mapema kama anataka mbadala au la, na mbadala asioutaka anaweza kumrudishia dereva mlangoni. Sisi hatuna kitufe hicho, lakini kalamu tunayo: "Kitu kikikosekana usibadilishe, nipigie, nisipopokea, kiache na urudishe hela yake." Ukiruhusu mbadala kwa baadhi ya vitu, vitaje: "Mchele badili ukitaka, mafuta na unga usibadilishe."

Jambo la mwisho ni siku ya kurudishiwa. Muuzaji akisema ameshatuma, angalia salio lako, usitosheke na ujumbe mfupi, kwa kuwa ujumbe wa kughushi unafanana sana na wa kweli. Hakikisha umetoka kwenye mtandao wenyewe na kiasi ni 44,200 kamili, makato ya kutuma yakiwa juu ya aliyetuma. Akikuomba namba ya siri "ili arudishe," huyo harudishi kitu, anachukua, kata simu. Dumu na unga vikabidhi baada ya salio kusoma, na anayevichukua mpige picha akiwa navyo mkononi, kisha itume picha hiyo kwa muuzaji.